Jumla Isiyo na Dhumma wala Fat-ha: Mahali Pake Twapajuaje?

Usiku wa kuamkia Ijumaa, Yasini ikiwa imeshasomwa na kahawa tungu imeshazunguka mara mbili, baraza moja huku kwetu Langoni, Lamu, iligawanyika pande tatu kwa sababu ya neno moja. Neno lenyewe liko katika aya ya 20 ya sura hiyo hiyo: *Wa jaa min aksal-madinati rajulun yas-aa.* Akaja mtu kutoka mwisho wa mji, anakwenda mbio. Vijana watatu, wote wameshaimaliza Ajrumia, kile kitabu cha mwanzo cha nahau ya Kiarabu, na wako kwenye vitabu vya juu, waliulizana: hiyo *yas-aa* iirabu yake ni ipi?

Wa kwanza alisema ni rafaa, dhumma imefichika juu ya alifu. Wa pili akasema ni nasbu, kwa kuwa ni hali. Wa tatu alitulia akamaliza kikombe chake kwanza, kisha akasema haina mahali kabisa, maana ustadhi wao aliwafundisha kwamba asili ya jumla, yaani sentensi nzima, ni kutokuwa na mahali. Niliwasikiliza mpaka wakaanza kupandisha sauti. Kila mmoja ameshika jambo la kweli, na ndiyo maana hakuna aliyekubali kushuka. Walichokosea ni kudhani kwamba wanajibu swali moja.

Tuanze na neno iirabu, kwani hata jina hili huwachanganya watu. Shuleni tumefundishwa kwamba irabu ni a, e, i, o, u. Hizo si ninazozungumzia hapa. Iirabu ya wanahau wa Kiarabu ni ile kazi ya kusema neno limekaa wapi katika maneno na kwa nini mwisho wake umekuwa hivyo: dhumma kwa rafaa, fat-ha kwa nasbu, kasra kwa jarri, sukuni kwa jazmu. Mtendaji hukaa rafaa, mtendwa hukaa nasbu, kinachofuata *min* au *fi* hukaa jarri. Hayo ya Ajrumia sitayarudia.

Alama hiyo huweza kuwa katika moja ya sura tatu. Huenda ikaonekana, kama katika *rajulun*. Huenda ikakadiriwa, kama katika *al-fataa*, ambalo lina mahali pa kubebea dhumma ila alifu haikubali kutamkwa nayo. Na huenda kusiwe na alama wala pa kuibandika, kukawa na mahali tu. Hapo ndipo huingia neno *hadha*, ambalo mwisho wake haubadiliki, na ndipo zinapoingia jumla nzima. Jumla ni maneno kadhaa. Utaiwekea dhumma wapi? Juu ya neno la kwanza? La mwisho? Kila neno ndani yake lina alama yake mwenyewe, kwa kazi yake mwenyewe.

Fikiria jahazi inapakiwa gatini. Gunia moja la mchele lina chapa yake kwa rangi: hili la dukani kwa fulani, hili la msikitini. Kisha unakuja mzigo wa vitu mchanganyiko, sufuria, godoro, viti viwili, vyote vimefungwa pamoja kwa kamba. Mzigo huo hauna chapa. Lakini ukishashushwa ngamani unakalia mahali, na mahali hapo panajulikana kwa sababu gunia lingeweza kukaa pale pale. Sasa, sufuria iliyo ndani inaweza kuwa na jina la mwenyewe limeandikwa tangu ilipotoka kiwandani. Jina hilo ni la sufuria. Mtu akilisoma akadhani ndiyo chapa ya mzigo wote, atashusha vitu vya watu bandari isiyo yake.

Kosa la kijana wa kwanza lilikuwa hilo. Alisoma chapa ya sufuria. *Yas-aa* kama kitenzi ni rafaa kweli, kwa dhumma iliyokadiriwa, kwa kuwa hakikutanguliwa na kitu cha kukitia nasbu wala jazmu. Ila hilo ni jibu la kitenzi. Jumla nzima, yaani kitenzi pamoja na mtendaji wake aliyefichika, yule "yeye", ina swali lake peke yake.

Njia ya kupata jibu la jumla ni ile ya gunia: iondoe, weka neno moja mahali pake, kisha tazama neno hilo linakuja na alama gani. Chukua *yakrau*, anasoma. Sema *Zaidun yakrau*. Ukiweka neno moja utasema *Zaidun kariun*, kwa hiyo jumla iko mahali pa rafaa, ni khabari, yaani kile kinachosemwa juu ya Zaidi. Sasa ingiza *kana*, alikuwa: *kana Zaidun yakrau*. Neno moja litakuwa *karian*, na jumla imehamia nasbu. Sema tena *marartu birajulin yakrau*, nilimpitia mtu anayesoma. Neno moja ni *kariin*, na jumla iko jarri. Mahali pametembea kutoka rafaa mpaka nasbu mpaka jarri, na *yakrau* haikutikisika hata herufi moja. Dhumma yake ya mwisho ilikuwa pale pale mara zote tatu. Mwanafunzi aliyeshika mifano hii mitatu hatarudi tena kuchanganya kitenzi na jumla.

Kuna aya ambayo inalionyesha jambo hili wazi zaidi. Katika Surat Yusuf, aya ya 16, ndugu zake wanarudi kwa baba yao: *wa jaau abahum ishaan yabkuna*, wakamjia baba yao usiku wakilia. *Yabkuna* ni rafaa, na alama yake ni ile nuni iliyobaki mwishoni, unaiona kwa macho. Lakini jumla yenyewe iko mahali pa nasbu, kwa sababu ukiweka neno moja utasema *bakiina*, na hiyo ni hali. Kitenzi rafaa, jumla nasbu, kwenye neno moja lililoandikwa. Mwalimu akitaka kuujua upeo wa darasa lake, aya hii inatosha.

Sasa tugeukie hali na sifa, maana ubishi wa pale barazani ulikuwa juu yake. Wanafunzi wengi wamehifadhi kanuni: jumla baada ya nakira ni sifa, baada ya maarifa ni hali. Nakira ni jina lisilojulikana nani hasa, kama *rajulun*, mtu fulani. Maarifa ni jina lililoainishwa, kama *ar-rajulu*, yule mtu. Sababu ya kanuni ni nyepesi. Mtu usiyemjua, kitu cha kwanza unachohitaji kuambiwa ni yeye ni yupi, na hiyo ni sifa. Mtu unayemjua huhitaji kuelezwa, unataka tu kujua alikuja vipi, na hiyo ni hali.

Sisi tuna bahati, kwani Kiswahili kimekwisha kututenganishia. Kiarabu hutumia *yas-aa* ile ile kwa yote mawili. Sisi husema "alikuja mtu anayekwenda mbio" kwa sifa, na "yule mtu alikuja akienda mbio" kwa hali. *Ye* ni ya sifa, *ki* ni ya hali. Nimewaona vijana wakihangaika saa nzima na kitabu, ilhali wangeigeuza tu aya kwa lugha ya mama zao wakasikiza ulimi unataka *ye* au *ki*.

Ila ulimi huo nao una pa kudanganya. Tazama *jaar-rajulul-ladhi yas-aa*, alikuja yule mtu ambaye anakwenda mbio. Kwa Kiswahili ni *ye* vile vile, na mwanafunzi atakimbilia kusema kwamba jumla ni sifa na iko mahali pa rafaa. Siyo. Hapa sifa ni *al-ladhi* lenyewe, nalo ndilo lililokalia mahali. Jumla iliyo baada yake ni sila tu, kiungo cha kulikamilisha, na sila haina mahali katika iirabu. Katika jahazi yetu, *al-ladhi* ni kapu: kapu ndilo lililowekwa ngamani, na kilichomo kapuni hakihesabiwi nafasi ya pili.

Na jambo jingine kabla hatujarudi kwenye Yasini. Kanuni ya nakira na maarifa huisaidia jumla ambayo maneno yangeweza kukamilika bila yake. Katika *inna Zaidan yakrau*, hakika Zaidi anasoma, Zaidi ni maarifa na jumla inamfuata, lakini si hali hata kidogo. *Inna* inadai khabari yake, na hiyo ndiyo khabari. Kwanza uliza kama kuna mwenye kudai, ndipo ufungue kanuni.

Haya, aya ya 20 ya Yasini. *Rajulun* ni nakira, mtendaji wa *jaa*, yuko rafaa. *Yas-aa* imemfuata na hakuna anayeidai. Basi ni jumla ya sifa, mahali pake ni rafaa, kwa kumfuata anayesifiwa. Ukiweka neno moja utapata *rajulun musriun*. Kwa hiyo kijana wa kwanza alitaja rafaa, na rafaa ndiyo jibu la jumla pia, lakini aliifikia kwa njia isiyo yake. Angeulizwa juu ya aya ya Surat Yusuf angeanguka.

Na wa pili, aliyesema hali? Huyu alikuwa amesoma zaidi ya mwenziwe, na kilichomponza ni kumbukumbu. Iko aya nyingine, nayo pia ni ya 20, katika Surat al-Kasas, ya yule mtu aliyekuja kumwonya Nabii Musa: *wa jaa rajulun min aksal-madinati yas-aa.* Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni mpangilio: katika Yasini "kutoka mwisho wa mji" limetangulia kabla ya mtu, katika al-Kasas limekuja baada yake. Msomaji wa haraka huona ni kitu kimoja. Mwanahau huona mlango umefunguka.

*Min aksal-madinati* ni shibhi jumla, yaani fungu la neno la kutia jarri, kama *min*, na jina lake, na ndugu yake ni dharfu, neno la mahali au wakati, kama *inda* au *fauka*. Fungu kama hili halisimami peke yake, lazima lifungwe kwenye kitu, kama mashua ifungwavyo kwenye nguzo. Wanaita kufungwa huku taaluki. Swali la kuuliza kila unapoliona ni: limefungwa wapi?

Katika al-Kasas kuna nguzo mbili. Ukilifunga kwenye kitenzi *jaa*, maana ni kwamba kuja kwake kulianzia mwisho wa mji. Hapo *rajulun* amebaki nakira tupu, hajaongezewa chochote, na *yas-aa* haiwi ila sifa. Ukilifunga kwenye neno lililofutwa ambalo ni sifa ya *rajulun*, maana ni "mtu wa mwisho wa mji". Sasa mtu huyu ameshapata maelezo. Bado ni nakira, lakini amesogea hatua moja kuelekea kujulikana, na mtu aliyesogea hivyo anaruhusu hali. Kwa hiyo *yas-aa* inaweza kuwa sifa ya pili, mahali pake rafaa, au hali, mahali pake nasbu. Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 Hijria (1144), ameyataja haya yote katika tafsiri yake kwenye aya hii, pamoja na sharti lake: ukilifunga fungu kwenye *jaa*, haibaki ila sifa.

Kijana wa pili, basi, alichukua ruhusa ya al-Kasas akaipeleka Yasini, ambako fungu limetangulia na kwa dhahiri yake limefungwa kwenye *jaa*. Nitamtetea kidogo. Sibawaihi mwenyewe, imamu wa wanahau, alikubali hali kutoka kwa nakira bila masharti haya, kwa hiyo hakusema neno la kuchekwa. Lakini kwa kanuni aliyoihifadhi yeye, hakuwa na haki nayo.

Kanuni hiyo nayo, wengi huihifadhi ikiwa imekatwa mkia. Ibn Hisham, mwanahau wa Misri aliyefariki mwaka 761 Hijria (1360), ameifunga kwa neno moja ambalo wanafunzi huliacha njiani: mahdhi, yaani tupu. Baada ya nakira tupu ni sifa. Baada ya maarifa tupu ni hali. Baada ya nakira isiyo tupu au maarifa isiyo tupu, yote mawili yanawezekana. Shibhi jumla nayo inafuata hukumu hiyo hiyo.

Nakira isiyo tupu tumeiona al-Kasas. Maarifa isiyo tupu tunayo hapa Lamu, inapita vichochoroni kila siku. Surat al-Jumua, aya ya 5, inawataja waliobebeshwa Taurati kisha wasiibebe: *kamathalil-himari yahmilu asfara*, kama mfano wa punda, anabeba vitabu. *Al-himari* ina *al*, kwa hiyo ni maarifa, na mwanafunzi wa kanuni fupi ataandika hali na kufunga daftari. Lakini ni punda gani? Siyo yule wa mchukuzi wa mawe aliyefungwa pale nje ya mlango, ambaye sote tunamjua. Ni punda yeyote, jinsi ya punda. *Al* hii ni ya jinsi: kwa sura ni maarifa, kwa maana iko karibu na nakira. Kwa hiyo ukiitazama sura, *yahmilu* ni hali, mahali pake nasbu: punda akiwa amebeba vitabu. Ukiitazama maana, ni sifa, mahali pake jarri kwa kumfuata *al-himari*: punda abebaye vitabu. Zamakhshari amezitaja njia zote mbili. Mimi huona sifa inakaa vizuri zaidi kwa Kiswahili, lakini hayo ni masikio yangu.

Mtu huniuliza mara kwa mara, na huuliza kwa haki: kama mahali hapa hapaonekani wala hapasikiki, tunajuaje kwamba wanahau hawakujitungia tu? Jawabu ni kwamba mara moja moja mahali hapo hujitokeza, siyo kwenye jumla, bali kwenye kile kilichoungwa nayo. Rudi kwenye jahazi: mzigo hauna chapa, lakini gunia lililofungwa ubavuni mwake, likielekea bandari ile ile, lina chapa, na ukilisoma umeujua na mzigo.

Aya ya 186 ya Surat al-Aaraf husomwa *man yudhlilillahu fala hadiya lahu*, ambaye Mwenyezi Mungu amemwacha apotee, basi hana wa kumwongoza. *Man* ni ya sharti, inatia jazmu mara mbili: kitenzi chake na jawabu lake. Jawabu hapa siyo kitenzi. Ni jumla ya majina iliyoingia na *fa*, na haina pa kuwekewa sukuni, kwa hiyo tunasema iko mahali pa jazmu. Kisha aya inaendelea kwa kitenzi. Kwa riwaya ya Hafsi tunayosoma tunasema *wa yadharuhum*, kwa rafaa, kama maneno mapya yanayoanza. Lakini Hamza na Kisai, nao ni katika wasomaji saba, wamesoma *wa yadharhum*, kwa jazmu. Jazmu hiyo imetoka wapi? Katika fungu lililotangulia hakuna sukuni hata moja ya kuifuata. Imetoka kwenye mahali. Kitenzi kimeungwa na jumla yote ya *fala hadiya lahu*, kikachukua alama ambayo jumla haikuweza kuivaa.

Bado yuko kijana wa tatu, aliyesema haina mahali. Aliyoyasikia kwa ustadhi wake ni sahihi. Jumla kwa asili haina mahali, na hupata mahali pale tu inapokalia nafasi ya neno moja. Ibn Hisham amezihesabu zenye mahali kuwa saba na zisizo nazo saba. Kosa la kijana huyu ni kuisimamisha asili mbele ya *yas-aa*, ambayo imeshakalia nafasi ya sifa. Angesoma neno moja mbele zaidi angeipata jumla aliyokuwa akiitafuta.

Kwani baada ya *yas-aa* inakuja *kaala ya kaumit-tabiul-mursalin*. Akasema: Enyi watu wangu, wafuateni waliotumwa. Jaribu kuweka neno moja mahali pa *kaala*, hulipati kwa raha. Msikilizaji ameshaambiwa mtu amekuja mbio, moyoni anauliza: alisema nini? *Kaala* ni jawabu la swali hilo ambalo halikutamkwa. Ni maneno yanayoanza upya, na haina mahali katika iirabu. Lakini yanayofuata, tangu *ya kaumi*, ndiyo kilichosemwa, nacho ni kitendwa cha *kaala*, kwa hiyo kipo mahali pa nasbu.

Nilipowaambia haya, wa tatu alicheka akaomba kikombe kingine. Wa pili aliuliza kuhusu *ittabiu*, kama ina mahali peke yake ndani ya kilichosemwa au la. Muuza kahawa alikuwa ameshaanza kukusanya vikombe.